Utepe wa Kijani

Ujumbe ulimfikia Mama Msafara akiwa na malori saba kichwani na simu mbili masikioni. Kazi yake ilikuwa kuyapangia malori safari katika kiwanda cha magodoro, na anayedhani hiyo ni kazi nyepesi kwa sababu godoro ni jepesi, basi hajawahi kuona dereva akinuna. Godoro lina ubaya wake. Lori hujaa hadi mlango ukagoma kufunga, na uzito bado haumtikisi hata mbuzi. Kwa hiyo ukikosea kupanga nani ashushiwe kwanza, dereva atayatoa magodoro yote barabarani kulitafuta moja la mteja wa kwanza, na watoto wa mtaa mzima watakuwa wamesharuka juu yake kabla hajalirudisha. Mama Msafara hakuwa akikosea. Jina lenyewe alibatizwa na madereva.

Ujumbe ulitoka kwa wakala wa ajira asiyemjua, kwenye ule mtandao wa kazi ambao watu huingia kuonyeshana vyeti. Wakala alisema amevutiwa na uzoefu wake, kwamba kuna kampuni, jina hawezi kulitaja kwa sasa, inayotafuta mtu wa kusimamia usafirishaji, na je, yuko tayari kwa mazungumzo mafupi?

Hakuwa akitafuta kazi. Baada ya miaka mingi ya zamu ya jioni, miaka ya kula chakula kilichopoa na kuwaona wanawe wakiwa wamelala tu, kiasi kwamba mdogo aliwahi kumwamkia kama mgeni, hatimaye bosi alikuwa amempa zamu ya asubuhi. Sasa alikuwa akifika nyumbani jua lingali juu. Alikuwa akila chakula cha moto mezani na watu wake na kugombezana nao kama mama mwingine yeyote. Zamu ile asingeibadilisha na kiti cha waziri.

Lakini kuambiwa kuwa umevutia watu ni kitu kingine. Udadisi ukamwingia kama punje ya mchanga kwenye kiatu: hauumizi, ila hutembei bila kuufikiria.

Jioni akamsomea mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa vyerehani, mtu wa maneno mengi na miwani iliyofungwa uzi. Alisikiliza ujumbe mara mbili, akaomba usomwe tena ile sehemu ya kuvutiwa.

"Usijibu upesi," akasema. "Mwache atoke jasho. Halafu mwambie umeshakataa kampuni tatu mwezi huu."

"Sijakataa hata moja, baba watoto."

"Kwani na yeye kampuni yake ina jina?"

Waliandika wakafuta, wakaandika wakafuta. Jibu la kwanza lilikuwa la unyonge, kama mtu anayeomba radhi kwa kuzaliwa. La pili, la mume, lilikuwa na majivuno yanayoweza kufunga barabara. Mwishowe Mama Msafara akamnyang'anya simu na kuandika kama anavyoongea na madereva. Alimshukuru wakala, akasema ana kazi na anaipenda, hatafuti nyingine, ila kusikiliza hakumdhuru mtu. Kisha akauliza: kampuni ni ipi, kazi yenyewe ni nini, saa za kazi ni zipi, mshahara unacheza kati ya wapi na wapi. Akamalizia kwa kumwomba asipeleke wasifu wake popote bila kumuuliza kwanza. Akalituma.

Mambo yangeishia hapo, watu wakalala usingizi wao. Ila mumewe akachungulia picha yake ya mtandaoni. Ilikuwa ya harusi ya binamu, ameshika kipande cha keki, na begani mwake ulikuwa umebaki mkono wa shangazi ambaye mwenyewe alikatwa pichani.

"Huyu wakala akikuona hivi atadhani mnaajiriwa wawili," mume akasema.

Basi akavalishwa koti la mume, akasimamishwa mbele ya kabati, akapigwa picha mpaka shingo ikakakamaa. Walipoiweka, mtandao ukauliza kama angependa kuonyesha kuwa yuko tayari kwa kazi mpya. Yeye mikono ilikuwa kwenye unga, kwa hiyo simu alikuwa nayo mume. Kulikuwa na njia mbili, mume akamsomea kwa sauti: waone mawakala wa ajira peke yao, au waone watu wote.

"Mawakala peke yao," akasema Mama Msafara, na maji yakachemka, akageukia jiko.

Fundi akatafakari. Mawakala nao si watu? Katika watu wote si wamo? Akaona mkewe anajibana bila sababu, akabonyeza watu wote. Papo hapo picha ikazungukwa na utepe wa kijani, mzuri, unaoonekana kutoka mwezini.

Asubuhi Mama Msafara alifika ofisini akakuta sweta kwenye kiti chake.

Hapa inabidi kiti kielezwe. Katika ofisi ile ya usafirishaji viti vyote vilikuwa na tabia mbaya. Kimoja kilizama polepole mpaka mtu akajikuta anaongea na wateja kidevu kiko mezani. Kingine kilikuwa kikichana suruali, na hakikuchagua cheo. Kiti cha kuzunguka cha Mama Msafara ndicho pekee kilichosimama kama kilivyoumbwa, na alikirithi kwa mhasibu aliyestaafu. Kurithi kwenyewe kulikuwa na sheria isiyoandikwa popote lakini iliyoheshimiwa kuliko zote za kiwanda: mtu akijulikana anaondoka, wa kwanza kutundika sweta lake kwenye kiti chake ndiye mrithi. Yeye mwenyewe alimtundikia mhasibu wa watu angali anakunywa chai ya kuagwa.

Sweta lilikuwa la Bundi, mpangaji wa zamu ya jioni.

Kabla hajauliza, mtunza stoo akaja, akamshika mkono kwa mikono yake miwili kama aliyefiwa, akasema Mungu akamfungulie huko aendako. Mfagiaji akataka kujua kikombe chake chenye maua atakiacha au atakwenda nacho. Madereva ndio walimaliza kazi. Lori la kwanza lilitoka getini na habari kwamba amepata kazi nyingine. La mwisho liliporudi kujaza tena, alikuwa anahamia ng'ambo, amepewa gari lenye dereva, na dereva huyo naye ana dereva wake.

"Nani kawaambia ninaondoka?" akamuuliza mtunza stoo.

"Wewe mwenyewe, dada. Si umevaa utepe?"

Akafungua simu. Alipouona, akamkumbuka mumewe kwa jina lake kamili pamoja na la babu yake.

Saa ya chakula wakala akapiga. Mama Msafara akakimbilia ghala la magodoro, akajibanza kati ya marundo mawili, mahali ambapo hata ukipiga kelele sauti inamezwa na sponji. Wakala alikuwa mtu mwungwana. Alijibu yote yaliyoulizwa. Kampuni ilikuwa ya kusambaza vyakula vilivyogandishwa, akaitaja jina. Mshahara ulikuwa unazidi wa sasa, si wa kuruka dari lakini wa kumfanya mtu aombe utajwe tena. Mama Msafara akaomba utajwe tena. Kisha akakumbusha swali lake la saa za kazi.

Wakala akakohoa. Malori ya barafu hutoka usiku, akasema, barabara zikiwa tupu na jua halijawaka. Msimamizi huingia jioni.

"Basi nakushukuru, ndugu yangu," akasema Mama Msafara. "Jioni zangu zina wenyewe."

Hakukuwa na ugomvi. Wakala akamwomba waendelee kujuana, akauliza kama kuna mwingine anayemfahamu. Akajibu kwamba hagawi namba za watu, lakini atauliza. Akatoka kati ya magodoro mwepesi, punje imetoka kiatuni. Na mlangoni akakutana na mjumbe: bosi anakuita.

Bosi alikuwa amejaa kwenye kiti chake cha ngozi, kiti kipana chenye mikono, ambacho ofisi nzima ilikiota. Mbele yake palikuwa na ratiba ya wiki ijayo. Alisema hana kinyongo, kila mtu hutafuta riziki, ila hawezi kungoja aachwe ghafla. Kuanzia Jumatatu zamu ya asubuhi ataishika Bundi apate kuizoea, naye Mama Msafara arudi jioni mpaka siku yake ya kuondoka.

Aliona meza ya nyumbani, sahani yake imefunikwa na nyingine.

"Siondoki popote, bosi."

"Wote husema hivyo. Mtu asiyetafuta kazi hujifunga utepe wa kijani usoni?"

"Aliyenifunga ni mume wangu. Mimi niliandikiwa na wakala, nikajibu kwa adabu, tumeongea leo, nimekataa. Kazi yao ni ya jioni. Ningeitaka jioni ningekulilia miaka yote ile unipe asubuhi?"

Bosi akaivuta ratiba karibu. Mama Msafara, aliyezoea kuona lori lililopakiwa vibaya hata likiwa limefungwa, akamtazama vizuri.

"Samahani, bosi," akasema taratibu. "Huo utepe wewe uliuonea wapi? Nijuavyo mimi, huko mtandaoni hujawahi kuwepo."

Bosi akaangalia dirisha. Akapanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangwa. Halafu akainuka, akafunga mlango, na sauti yake ikashuka mpaka ikawa ya mwanafunzi. Naye alikuwa ameandikiwa, na wakala mwingine, wiki iliyopita. Hatafuti kazi, la hasha. Ni kujua tu. Lakini hajajibu, kwa sababu kila akiandika inatoka kama barua ya kumfokea mteja. Alitaka kujua: mtu anaulizaje mshahara bila kuonekana ana njaa?

"Hilo nitakusaidia," Mama Msafara akasema. "Tukishairekebisha ratiba."

Bosi akachukua kifutio. Bundi, alipoitwa, nusura alie kwa furaha kusikia asubuhi haimhusu. Yeye na jua walishaachana zamani. Alichotaka ni kile kiti tu. Aliposimuliwa kuhusu malori ya barafu ya usiku, macho yakamng'aa, akaomba namba ya wakala, akachukua sweta lake mwenyewe bila kuambiwa.

Ndipo Mama Msafara akaketi pembeni ya bosi, wakaandika jibu: shukrani, nina kazi, sitafuti, lakini nasikiliza, kampuni ipi, kazi gani, saa zipi, mshahara kati ya wapi na wapi, wasifu wangu usipelekwe popote. Bosi akalisoma, akavuta pumzi, akalituma. Mtandao ulipomuuliza naye kama angependa kuonyesha kuwa yuko tayari kwa kazi mpya, na waone nani, Mama Msafara akambonyezea mwenyewe: mawakala peke yao. Bosi, kwa raha, akatoka kwenda kunawa uso.

Mama Msafara akabaki peke yake chumbani. Akasikiliza mpaka hatua za bosi zikaishia ukumbini. Kisha akavua sweta lake polepole, akalikung'uta, akalitundika vizuri kwenye kiti cha ngozi, mikono yote miwili ikining'inia sawa, akaenda zake kupanga malori.