Mguu Ulipobana, Nikaongeza Maji

Wazazi wenzangu mlio na watoto wanaokimbia mbio ndefu, haya nayaandika kwa sababu mkono wa mama una haraka kuliko akili yake. Mtoto akilia tumeshamtia kitu mdomoni kabla hatujauliza analilia nini. Mimi nilimtia maji.

Binti yangu anaitwa Sindano pale kiwandani, kwa wembamba wake na kwa kuwa kazi yake ni kufunga nyuzi kwenye makasha. Alikuwa kibarua, mwaka wa nne huo. Leo yupo, kesho msimamizi anamwambia pumzika nyumbani. Kiwanda kina timu ya riadha, na sheria yao inajulikana: mwanamke atakayemaliza kilomita arobaini na mbili chini ya saa tatu na nusu, siku ya majaribio, anaingia timu, na akiingia timu anapewa ajira ya kudumu. Majaribio ni mara moja kwa mwaka.

Mwaka juzi alikuwa anakwenda vizuri hadi kilomita ya thelathini na nne. Hapo misuli ya shavu la mguu wa kushoto ikabana. Niliiona kwa macho yangu ikiruka chini ya ngozi kama panya ndani ya gunia. Alikaa chini barabarani, akapiga kelele, akasimama, akachechemea, ikabana tena. Alimaliza kwa saa tatu na dakika arobaini na moja.

Kuanzia siku hiyo kila mtu akawa daktari.

Kocha wake ni fundi wa mashine za kusokota, tunamwita Filimbi. Yeye alisema ni uchovu tu. "Mama Sindano, msuli ukichoka, mishipa ya fahamu inachanganyikiwa. Sauti ya kaza inazidi, sauti ya legeza inafifia. Mwanao alikimbia nusu ya kwanza kama anafukuzwa na nyuki."

Muuza dawa wa mtaani kwetu akacheka aliposikia. "Huyo na aongee na mashine zake. Fulana ya binti ilikuwa na michirizi myeupe mgongoni, siyo? Ile ni chumvi. Jasho limeondoka na maji na chumvi, msuli utaacha kubana?"

Nikarudi kwa Filimbi na hayo maneno. Akaniuliza, "Kama mwili mzima umekauka, mbona ulibana mguu wenye kazi peke yake? Mbona mkono haukubana, wala shingo? Na mbona akivuta vidole vya mguu kuelekea kwake inaachia pale pale, na hajanywa hata tone?"

Nikarudi kwa muuza dawa, naye akasema basi mbona wenye kutoka jasho la chumvi nyingi ndio wanaolalamika zaidi. Wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, ambaye hajawahi kukimbia hata kulifuata basi, akasema ni ndizi, mtoto hali ndizi. Kisha mama mmoja wa idara ya rangi, aliyekuwa mkimbiaji zamani, akaniambia yeye alikuwa anabeba kichupa cha siki. Ikibana, funda moja, inaachia kabla siki haijafika hata tumboni. "Sasa siki inafanyaje kazi kabla haijafika?" nikamuuliza. Akasema watu husema ule ukali kooni unaishtua mishipa ya fahamu. Nikaondoka pale kichwa kimejaa kama kapu la mtumba.

Filimbi hakubishana tena. Alimpa binti yangu kazi. Kupanda na kushuka ngazi kwa vidole, kila siku, mpaka mashavu ya miguu yakawa magumu. Mbio za Jumapili za kilomita thelathini, ambazo zile tano za mwisho ndizo za kasi. Na alimpima uzito kwenye mizani ya marobota ya pamba, kabla ya mazoezi na baada, ili ajue jasho linachukua kiasi gani. Akaona binti anapungua kama kilo moja tu katika mbio ndefu. Akasema kichupa kidogo cha timu kinatosha, chenye maji yaliyotiwa chumvi na sukari kidogo, anywe akisikia kiu. "Kiu ndiyo saa yake," alisema.

Mimi kusikia kichupa kidogo, roho ikaniruka. Mtu anakimbia saa tatu juani, umpe kichupa? Nikajisemea huyu hana mtoto anayekimbia, mimi ninaye.

Njia ya majaribio ni kuzunguka kiwanda na ghala zake mara sita, kila mzunguko kilomita saba na kidogo. Nyuma ya ghala la pamba kuna kona ambayo Filimbi haioni kutoka kwenye meza yake. Hapo ndipo nilipojiweka na wifi yangu na ndoo ya chupa. Asubuhi ile, kabla hatujatoka nyumbani, nilikuwa nimeshamsimamia akanywa lita moja na nusu.

"Mama, nimejaa."

"Utakapobanwa utasema umejaa? Kunywa."

Akanywa. Mtoto wangu ana heshima, na yeye pia ule mguu ulikuwa unamtisha.

Mzunguko wa kwanza alipita anatabasamu, anakwenda taratibu kama alivyoagizwa. Nikampa chupa ya nusu lita, nikakimbia naye hatua chache mpaka akaimaliza. Wa pili vile vile. Wa tatu alitikisa kichwa. Nikamwambia, "Kumbuka thelathini na nne!" Akapokea. Wa nne tumbo lake lilikuwa linasikika likicheza, chubwi chubwi, na wifi yangu akasema, "We, huyo mtoto amekuwa mtungi." Nikamwambia anyamaze. Wa tano alikunywa huku amefumba macho. Vichupa vya Filimbi navyo alikuwa anavinywa, maana alidhani ndiyo dawa na mimi ndiyo nyongeza.

Mzunguko wa sita, watu waliokuwa upande wa pili walipiga kelele: Sindano amekaa chini! Kilomita ya thelathini na sita, mguu ule ule. Umebana na maji yote yale.

Waliokuwepo wanasema alifanya alivyofundishwa. Alinyoosha goti, akavuta vidole, akahesabu pumzi, ikaachia. Akaondoka. Ikabana tena kidogo, akapunguza mwendo, ikaachia. Bado alikuwa na muda. Filimbi alikuwa anapiga makofi.

Alipotokea kwenye kona yangu nikajua kuna jambo jingine. Alikuwa hakimbii moja kwa moja. Vidole vyake vilikuwa vimevimba, pete ya bibi yake imezama nyamani. Akasimama mbele yangu akatapika maji matupu, mengi, kisha akaniangalia kama mtu anayemwona kupitia dirisha la basi.

"Kichwa," alisema. Halafu akaniuliza, "Mashine mmeizima?"

"Mashine gani mwanangu?"

"Izimeni, nyuzi zinakatika."

Watu wakajaa. "Amekaukiwa huyo! Mpeni maji! Mmwagieni!" Na mimi, Mungu anisamehe, mkono wangu ulikuwa tayari umefungua chupa nyingine. Wifi yangu akanikamata kiwiko. Sijui kwa nini alinikamata, hata yeye hajui.

Walimbeba mpaka hema la huduma ya kwanza. Kijana wa kujitolea alishaning'iniza mfuko wa dripu, anatafuta mshipa, anasema kwa sauti kubwa kesi ya kukaukiwa, misuli imebana, anatapika, hakuna shaka. Muuguzi mkuu alikuwa amepiga magoti anamwangalia vidole. Akauliza, "Amekunywa kiasi gani leo?"

Filimbi akajibu haraka, kwa fahari ya mwalimu: "Vichupa vitatu vyangu, havijafika lita moja."

Wote walikuwa wamemwamini. Mfuko ule wa dripu ulikuwa unang'aa. Nilijua nikifungua mdomo, mwaka mzima wa Filimbi nitakuwa nimeumwaga mimi, na kila mtu pale kiwandani atajua. Na sikujua kama maji yanaweza kumdhuru mtu! Nani alijua? Nilikuwa nataka kusema na nataka wasinisikie.

"Mimi nimempa mengine," nikasema.

"Mangapi?"

"Asubuhi lita moja na nusu. Halafu chupa tano za nusu lita. Kule nyuma ya ghala."

Filimbi aligeuka akaniangalia. Muuguzi akamwambia yule kijana, "Toa sindano hiyo." Wakamshika binti wakamsimamisha kwenye mizani. Filimbi alikuwa amewapima wakimbiaji wote asubuhi na kuandika uzito nyuma ya namba zao. Muuguzi akaigeuza namba ya kifuani: arobaini na tisa. Mizani ilisoma hamsini na moja.

"Mtu amekimbia kilomita arobaini ameongezeka kilo mbili," muuguzi alisema. "Huyu hajakauka. Amezama. Chumvi ya damu imezimuliwa, ubongo unavimba. Asipewe hata tone la maji."

Wakampeleka hospitali, wakapima damu, ikawa hivyo hivyo. Wakampa dripu ndogo ya maji ya chumvi kali, pole pole, wanapima tena na tena. Jioni aliniita kwa jina langu la nyumbani, nikajua amerudi. Daktari aliniambia dripu ya kawaida ingeweza kumzidishia. Nikamuuliza sasa misuli inabana kwa nini, daktari, mnieleze mara moja niache kuhangaika. Akakuna kidevu. Akasema uchovu ndio wenye ushahidi mwingi zaidi, lakini kwa baadhi ya watu wanaopoteza chumvi nyingi huenda nayo inachangia, na wenyewe wataalamu hawajamalizana. Hata yeye! Ila maji mengi kupita kiu, alisema, hilo halina mjadala.

Saa tatu na nusu zilipita akiwa hemani. Ajira hakuipata. Bado anafunga nyuzi kwa siku wanayomtaka. Filimbi hakunitukana, nami ningependa angenitukana yakaisha. Alisema tu, "Angekuja na saa tatu na ishirini na mbili, Mama Sindano. Nilikuwa nimeshaihesabu."

Wiki iliyopita nilimwona Sindano akirudi kutoka mbio za thelathini na nane, fulana ina michirizi, miguu imejaa vumbi. Nikamuuliza kama mguu umebana.

"Ulitaka. Ulianza kuruka-ruka kwenye thelathini na tano. Nikapunguza, nikapiga funda la siki, nikavuta vidole. Ukatulia."

"Sasa kipi kilichoutuliza? Kupunguza, au siki, au kuvuta?"

"Sijui, mama."

"Na kiu ulikuwa nayo?"

Alifikiri kwanza. "Sasa hivi ndiyo naisikia," akasema, akaenda mwenyewe kujichotea, na mimi nikabaki nimekaa juu ya mikono yangu nisiinuke.