Uso wa Ishirini na Tatu

Tangu Jumatatu Kalenga alikuwa mtu wa heshima, na jambo hilo lilimchosha sana.

Mwaka uliopita alikuwa mtu wa namna nyingine. Bweni zima lilimjua kama ndiye aliyebandika kwenye mlango wa refekta, chumba cha kulia, picha ya mwangalizi wa bweni, Sitwayen Ngoy (enzi hizo kila bwana aliitwa Sitwayen, yaani raia), amelala kitini na mdomo wazi, na chini yake maandishi safi: "Mwangalizi wetu akituangalia." Watu walicheka siku tatu. Ngoy hakucheka hata moja. Kalenga alisafisha vyoo mwezi mzima, na huko vyooni alipata nafasi ya kutafakari.

Kwa hiyo Prefe, mkuu wa shule, alipomkabidhi ubao wa picha za sikukuu ya shule, wengi walidhani Prefe ana malaria.

"Utapanga picha, utaandika maelezo," Prefe alimwambia ofisini. "Ubao usimame Jumapili, siku ya wazazi. Lakini nakuwekea sharti moja. Kila uso utakaokuwa ukutani, mwenye uso awe amesema ndiyo. Ukikosa mmoja, kazi naipeleka kwa Banza."

Banza alikuwa rafiki yake mpenzi, ndiyo maana wazo la kumwachia ubao lilikuwa halivumiliki.

Kalenga alianza kazi kwa uzito wa hakimu. Papa Seifu, mpiga picha wa karibu na stesheni, alikuwa ameleta picha kumi na nane. Juu ya kila picha Kalenga alilaza karatasi nyembamba ya kuchorea, akafuata vichwa kwa penseli, akatia namba katika kila kichwa. Kisha daftari: namba, jina, ndiyo au hapana, na ndiyo ya wapi. Maana picha zilikuwa na safari mbili: ubao wa hapa Kalemie, na albamu itakayopanda meli kwenda shule ya Moba. Kwa watoto wa darasa la kwanza alikwenda mpaka kwa wazazi wao.

Watu walimpa shida za kila aina. Mujinga, malkia wa mchezo wa kuigiza, alikubali ukuta akakataa Moba.

"Kwa nini, dada yangu?"

"Kuna mtu Moba ninayeandikiana naye. Nimemwambia mimi ni mrefu."

Kalenga aliandika: ukuta ndiyo, Moba hapana. Sababu hakuiandika, akajisifu kimoyomoyo kwa ukomavu huo.

Hata Sitwayen Ngoy alisema ndiyo, baada ya kuangalia picha kwa dakika nne ili kuhakikisha kwamba ndani yake yuko macho.

Ikabaki picha kubwa, roho ya ubao wote: walimu na darasa la sita wakivutana kamba, na walimu wameshindwa. Prefe mwenyewe, namba kumi na saba, alikuwa chali matopeni, mguu juu, kiatu kikielekea mbinguni. Alipoulizwa alirekebisha kola ya abakosti, koti lake lisilo na tai, akasema, "Wakubali kwamba mimi ni mtu. Ndiyo."

"Picha kubwa: nyuso ishirini na mbili, ndiyo ishirini na mbili," Kalenga alimtangazia Banza Ijumaa asubuhi. "Kajinunulie leso ya kulilia."

Banza aliinama juu ya picha. "Na huyu?"

Nyuma ya kamba, juu kidogo ya tope lililommeza Prefe, alisimama mama mmoja mtu mzima, kitambaa cheupe kichwani, akicheka mpaka macho yamefumba. Kalenga alikuwa amewahesabu waliovuta. Waliotazama hakuwahesabu.

"Huyo njo Mama Mwanne," alisema Banza. "Bibi yake Maliki wa darasa la kwanza. Lakini ni mdogo kama punje ya mchele. Nani atamwona?"

"Wewe umemwona," Kalenga alisema, akachukua daftari.

Alichukua pia barua ya Prefe yenye mhuri, maana kwa mhuri milango hufunguka upesi.

Mama Mwanne alimpokea barazani, mtaa wa nyuma ya soko. Alikuwa na nguo nyeupe tupu, bila hina, bila hereni. Kalenga alimwamkia vizuri, akaeleza, akaonyesha picha na barua. Mama aliangalia picha muda mfupi na mhuri muda mrefu.

"Ni Prefe ameandika?"

"Ni yeye, Mama."

"Huo ukuta, unaonekana toka barabarani?"

"Hapana, uko uani. Lakini Jumapili wazazi wote watapita."

"Wote," alirudia Mama Mwanne. "Na Maliki hana shida shuleni?"

"Hana hata kidogo."

"Basi, mwanangu. Kama shule imesema." Akatia kidole kwenye wino na kukigandamiza daftarini.

Ndiyo ya ishirini na tatu! Kalenga alitoka akipiga mluzi. Alifika kwenye bomba la maji, mluzi ukamkauka. Yeye mwenyewe alikuwa fundi wa kupata ndiyo za namna ile. Aliwahi kupata sukari ya watoto wa darasa la kwanza, nusu bweni, kwa kusimama tu mlangoni na kukunja uso. Aliijua sauti ile. Mtu akikubali picha kwa hiari haulizi barabara iko upande gani.

Akarudi. Barua aliikunja, akaitia ndani ya soksi.

"Mama, nimekosea kuuliza. Barua ile hainipi ruhusa yako, inaniagiza tu nikuombe. Ukisema hapana, hakuna wa kukuuliza, na Maliki haguswi. Sitaki hata sababu."

Mama Mwanne alimtazama sana. Kisha akavuta kigoda karibu.

"Mume wangu amefariki mwezi wa tatu. Niko eda, nimebakiza wiki mbili. Siku ile nilimpelekea Maliki viatu alivyosahau, nigeuke nirudi. Lakini mwanangu, Prefe ameruka kama kambale! Nimecheka, sikuweza kujizuia. Mungu ameniona, hilo nitalimaliza naye. Wifi zangu hawakuniona. Na wao wana watoto kwenye shule hiyohiyo."

"Basi ni hapana?"

"Ni hapana, mwanangu. Asante umerudi."

Kalenga alipiga mstari juu ya alama ya kidole, akaandika hapana, akamsomea alichoandika. Kisha akashuka mbio hadi stesheni.

"Mama huyu, nimkate na makasi?" alimuuliza Papa Seifu.

"Ukikata hapo, unamkata na Prefe kichwa. Tena filamu ninayo mimi, na kila nikisafisha picha nyingine atatokea tena." Papa Seifu alizima taa, akawasha ile nyekundu. Alishika kipande cha kadibodi chini ya mashine ya kukuzia picha, akaziba sehemu yote yenye nyuso wakati mwanga unapita: heri zikose zote kuliko ya Prefe peke yake. Filamu akaitia ndani ya bahasha, akaandika: *Namba 23 asionekane.* Picha ya zamani walichana vipande, mbele ya macho yao wote wawili.

Jumapili ubao ulisimama. Picha kubwa ilikuwa na kamba, mikono, tope, na kiatu kimoja hewani. Hakuna uso hata mmoja. Watu walijazana hapo kuliko kwingine kote, wakibishana kiatu ni cha nani. Maliki alikuwa mbele kabisa na wifi wawili wa Mama Mwanne nyuma yake, wote wanacheka.

Prefe alipitia daftari ukurasa kwa ukurasa. Akasimama kwenye mstari wa mwisho.

"Hapa palikuwa na kidole. Kwa nini umekifuta?"

"Ilikuwa ndiyo ya mhuri wako, Sitwayen Prefe. Yake mwenyewe ni hapana."

Prefe alitoa barua nyingine iliyokuwa tayari, ya kuombea ruhusa zilizobaki za albamu ya Moba, akaiangalia, akaichana sehemu ya chini yenye mhuri, akampa Kalenga kipande kisicho na mhuri.

Mzazi mmoja akapaza sauti kutoka ubaoni. "Lakini jamani, kiatu hiki ni cha nani?"

Kalenga alifungua daftari kwa uzito wote wa kazi yake.

"Mwenye kiatu yupo hapa," alisema. "Amekubali kuonekana. Kutajwa jina sijamuuliza bado."

Akamgeukia Prefe, penseli tayari, akangoja jibu.