Ngao ya Pili

Ngao ya pili ilipotokea kwenye begi langu, saa tano asubuhi ya siku ile, kitu cha kwanza nilichofanya ni kugeuka nyuma kuona kama kuna aliyeiona. Hakuna. Kila mtu ofisini alikuwa ameinamia kioo chake. Saa nane mchana mchezo wetu ulikuwa unafunguliwa kwa umma, na watu walikuwa hata chai hawajanywa.

Kazi yangu ni kuujaribu mchezo kabla wachezaji hawajaupata. Ni ule wa kuchagua shujaa, ukazurura naye, ukapigana, ukajaza begi lake. Begi lenyewe ni visanduku arobaini kwenye kioo. Unashika kitu kwa kipanya, unakiburuta hadi kisanduku kingine, unakiachia. Sasa Ngao ya Mfalme hupatikana moja tu kwa kila shujaa, tena baada ya wiki nzima ya kuhangaika. Mimi nilikuwa nazo mbili, na sikuwa nimefanya lolote zaidi ya kuburuta haraka haraka.

Nikajidanganya kwamba ni macho. Nikarudia. Zikawa tatu.

Ningekuwa mjaribu wa kawaida ningeruka kwa furaha, maana kukamata kasoro kama hiyo ndiyo sifa yetu. Lakini kasoro hii nilishaikamata wiki tatu nyuma. Niliiandikia tiketi, ile taarifa ya kasoro tunayoiweka kwenye orodha, nikampelekea programa aliyeandika mambo ya begi, kaka mmoja tunayemwita Fundi, mtu mwema lakini ana dharau ya kimyakimya. Akaniita kwenye meza yake nimwonyeshe. Nikaburuta mara hamsini mbele ya watu wanne na ngao ikabaki moja, ile ile, imetulia kama haijui lolote. Fundi akasema kwa upole kwamba kipanya changu kimechoka, kinabonyeza mara mbili chenyewe, kwa hiyo nijaribu kwenye kompyuta nyingine, na kama kasoro haitokei basi niifunge hiyo tiketi. Watu wakacheka. Mimi nina hasira za karibu, nikarudi kwenye kiti changu nimevimba, nikaandika: "Nimejaribu kwenye kompyuta tatu. Haitokei. Ni kipanya." Nikaifunga.

Sikujaribu hata moja.

Ndiyo maana asubuhi ile, badala ya kupiga kelele, nilibaki kwenye kiti changu. Ijumaa ya wiki hiyo bosi alikuwa anaamua kama nithibitishwe kazini au niende. Mdogo wangu alikuwa ameshahamia kwangu na sanduku lake la vitabu, na mama alikuwa amewatangazia ndugu wote kwamba mwanawe analipwa kwa kucheza. Nikisema kasoro ipo, watafungua tiketi. Wakifungua tiketi, watasoma zile kompyuta tatu. Nikinyamaza, labda hakuna mchezaji atakayeburuta haraka kama mimi. Nilijisikia aibu nilipowaza hivyo, lakini niliwaza, tena kwa dakika nyingi.

Kwa woga tu nikaanza kutafuta kwa nini kwa Fundi haikutokea. Nikabadilisha kipanya: ngao zikaongezeka vilevile. Basi si kipanya. Nikakumbuka kwamba Fundi huendesha seva ya mchezo ndani ya kompyuta yake mwenyewe, wakati mimi asubuhi ile nilikuwa kwenye seva halisi, ya mbali, yenye wachezaji mia kadhaa wa majaribio. Hapo ndipo nilipoelewa.

Ukiburuta ngao, mchezo unatuma ombi kwa seva. Seva inasoma kisanduku cha kwanza, inaona ngao ipo, inaiandika kwenye kisanduku cha pili, kisha ndiyo inaifuta pale ilipotoka. Kwenye kompyuta ya Fundi yote hayo huisha kabla mkono haujanyanyuka. Kwenye seva halisi, yenye foleni, huchukua karibu nusu sekunde, na muda wote huo ngao bado inaonekana mahali pake pa zamani. Ukiwa na mkono mwepesi unaishika tena, unaiburuta kwenye kisanduku cha tatu. Ombi la pili nalo linasoma kisanduku cha kwanza kabla hakijafutwa, nalo linaona ngao ipo. Kila ombi linaandika ya kwake. Na saa nane, watu elfu wakiingia kwa mpigo, foleni ingekuwa ndefu zaidi, na hata mkono mzito ungeweza.

Ilikuwa saa sita kasoro. Nikasimama, nikaenda kwa Fundi. Nikamwomba aache seva yake, aingie kwenye ile halisi. Akanitazama kama mtu anayeombwa kitu na mtoto siku ya msiba, akasema hana muda. Nikamwambia sitoki pale. Akaingia ili nimwondokee. Aliburuta mara moja, mbili, na mara ya tatu ngao zikawa mbili mbele ya macho yake. Akafungua kumbukumbu za seva, akakuta ngao zote mbili zina namba moja ya utambulisho, kitu ambacho hakiwezekani kabisa.

"Wangapi wameshaigundua?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

Sikujua. Akatafuta namba zilizojirudia, akakuta kumi na tisa mbali na zetu, katika mabegi ya watu wawili wa majaribio. Wawili tu. Tungefungua mchezo, kufikia jioni vitu vingekuwa vimegawanywa na kubadilishanwa, na njia pekee ya kusafisha ingekuwa kuwarudisha wachezaji wote nyuma na kuwapotezea walichohangaikia.

Bosi aliitwa. Ni mama mtulivu ambaye hapandishi sauti, na hilo ndilo linalotisha. Alisikiliza, akaahirisha ufunguzi pale pale kwa simu moja. Fundi akaeleza atakavyorekebisha: ombi la kwanza likifika, kitu kinafungwa, na ombi lolote jingine juu yake linakataliwa mpaka la kwanza liishe. Kazi ya siku mbili pamoja na kuijaribu. Kwa nukta chache nilipumua. Nikadhani nimepona.

Kisha bosi akasema anaona kuna tiketi ya zamani juu ya jambo hili. Akaisoma kwa sauti mpaka mwisho, pamoja na jina langu. Fundi akainamia kibodi yake. Nilimsubiri aseme kwamba yeye ndiye aliyeniambia niifunge. Hakusema, nami sikuweza kumlaumu, maana hakuniambia niongope.

"Hizi kompyuta tatu," bosi akasema, "ni zipi?"

Ningeweza kutaja zozote tatu mle ndani, na nilishaziangalia tayari, moja baada ya nyingine.

"Hakuna," nikasema. "Sikujaribu. Niliona aibu nikaandika tu."

Nilingoja aniambie nikusanye vitu vyangu, na kwa kweli ningeshukuru, kwa sababu ingekuwa imekwisha. Lakini alishuka kwenye orodha, taratibu, akiangalia tiketi zote zilizofungwa na jina langu, mia mbili na zaidi.

"Na nyingine ngapi umefunga hivi?"

Hakuna mtu duniani ambaye angejua. Nilikuwa peke yangu na hesabu hiyo, na Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

"Nne," nikasema, bila kupunguza hata moja.

Bosi akavuta kiti, akakaa kando yangu, akaniambia nizifungue upya zote nne, nianze na ya kwanza.