Shavu la Mguu

Mama alikuja kunitembelea kwa ndege. Saa kumi na tatu kwenye kiti cha dirishani, hakuinuka hata mara moja, eti asimsumbue jirani. Siku ya nne akaanza kuchechemea.

"Ni hapa, mwanangu," aliniambia. "Shavu la mguu wa kushoto. Linavuta, tena lina moto."

Kwenye nchi hii mimi ndiye mdomo wa familia. Mwaka wa sita huu nafua mashuka hotelini, na lugha yao naimudu. Naweza kugombana na msimamizi nikashinda. Basi nikampeleka zahanati, kifua mbele.

Daktari, mama wa makamo mwenye haraka zake, akauliza tatizo ni nini. Nikafungua mdomo, nikakwama. Shavu la uso nalijua kwa lugha yao. La mguu je? Nikisema mama yangu anaumwa shavu lililoko mguuni, si watanicheka mpaka mapokezi? Nikaona aibu. Nikasema mguu, basi.

Kumbe wenzetu mguu wanao wa majina mawili. Moja ni la kuanzia vidole hadi kifundo, jingine la kutoka kifundo kwenda juu. Mimi nilikuwa na lile la kwanza tu, kwa sababu ndilo msimamizi hutukaripia nalo tukiingia bila kujifuta.

Daktari akamvua Mama soksi. Akabonyeza vidole, wayo, kisigino. "Hapa? Na hapa?" Nikatafsiri. Kila mara Mama akatikisa kichwa kukataa. Mwisho akainama, akaanza kupandisha gauni lake refu ili ashike penyewe. Mbele ya daktari! Nikamdaka mkono.

"Mama, tulia bwana. Nitasema mimi."

"Haya, msomi wangu," akasema, akacheka kidogo, akaliteremsha gauni.

Tukaandikiwa dawa ya maumivu na viatu vipana. Nilimnunulia siku hiyohiyo, vya bluu. Alivisifu sana.

Siku ya tatu baada ya kutoka zahanati, asubuhi, akiwa anasuuza vikombe, alishika kifua, pumzi zikamkatikia. Hospitali kubwa walihangaika naye karibu saa nzima. Hakurudi.

Daktari mwingine, kijana, alinikalisha chini. Damu iliganda mahali, akasema, kisha bonge likasafiri hadi mapafuni. Je, alitoka safari ndefu? Ndiyo. Je, alilalamika maumivu? Akataja sehemu ya mwili kwa neno ambalo sikuwahi kulisikia.

Nikamwambia sielewi. Miaka yote ile sikuwahi kumwambia mtu wa huku kwamba sielewi.

Hakunicheka. Aliinama tu, akapandisha suruali yake kidogo, akajishika nyuma ya mguu, chini ya goti. Palepale mkono wa Mama ulipokuwa unakwenda nilipoudaka.