Dawa Iitwayo Kiswahili

Ujumbe mwekundu wa kumi na saba ulikuwa na neno moja tu: Insulin.

Nilikuwa nimeshafungua kumi na sita na kuzipanga kwa aina. Kazi yangu pale kwenye huduma ya maswali ya dawa ni hiyo. Mtu anatuma ujumbe wa simu, mashine inamjibu kutoka kwenye maelezo yaliyoandikwa na wafamasia, na ikishindwa mara tatu ujumbe unageuka mwekundu na kuja kwetu. Chumba chetu kina meza tatu. Moja ni yangu, moja ya Fundi aliyeipanga mashine, na ya dirishani ni ya Sista, aliyekuwa muuguzi kwa miaka ishirini na sita kabla magoti hayajamkatalia wodi.

Nilisoma mazungumzo tangu mwanzo. Saa sita na dakika arobaini, mtu kaandika Insulin. Mashine ikamjibu aya tatu, ndefu na safi, kwa lugha ambayo si Kiswahili. Baada ya dakika nne akaandika tena: Kiswahili. Mashine ikamjibu, kwa lugha ileile, kwamba dawa iitwayo Kiswahili haimo katika orodha yetu, na kama alikosea tahajia ajaribu tena. Akajaribu tena. Insulin.

Fundi alicheka hadi akaegemea ukuta.

"Dawa iitwayo Kiswahili! Vidonge vingapi kwa siku, kaka?"

"Kwa nini haikumjibu kwa Kiswahili?" nikamuuliza.

"Ingejuaje? Insulin ni Insulin tu, kwenye chupa imeandikwa hivyohivyo dunia nzima. Mashine inatambua lugha kwa maneno yanayoizunguka. Neno likiwa moja, hakuna kinacholizunguka. Basi inaangalia namba ya simu: mwenye namba hii mwaka jana alituandikia kwa lugha gani? Ikajibu hiyo. Si kosa lake. Mtu anaandika neno moja halafu anataka tumsome mawazo!"

Sikuwa na hakika kwamba amekosea. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuandika jibu. Nilikuwa nimechukua zile aya tatu na ninazigeuza kwa Kiswahili, neno kwa neno, nikiona ndiyo heshima ya kumfanyia.

Sista alikuja taratibu, akashika mgongo wa kiti changu, akasoma skrini yote. Akaisoma tena.

"Unamwandikia nini, mdogo wangu?"

"Namna ya kuihifadhi kwenye friji. Ndicho alichojibiwa."

"Ndicho alichojibiwa. Ndicho alichouliza?"

Mikono yangu ikaachia vibonye.

"Mtu wa neno moja," Sista akasema, "mara nyingi mikono yake ina kazi. Na huyu amesema mambo mawili, si moja. Amesema dawa, na amesema lugha. La lugha ametuambia waziwazi, hilo tumpe sasa hivi. La dawa hatulijui, kwa hiyo tumuulize. Swali fupi, ajibu kwa kidole kimoja."

Akavuta kiti chake. Akaandika, na mimi nikawa naangalia jinsi anavyopima kila neno kama mtu anayevuta dawa kwenye bomba la sindano:

Nakujibu kwa Kiswahili, na tutaendelea kwa Kiswahili. Samahani kwa majibu ya mwanzo. Kuhusu insulini unauliza nini? 1 kuihifadhi. 2 kiasi cha kuchoma. 3 muda wa sindano umepita. 4 jambo jingine. Nitumie namba tu.

"Mbona hukumsalimia?" Fundi akauliza. "Sista mzima!"

"Nitamsalimia nikijua mgonjwa yuko salama."

Jibu halikuchukua hata dakika moja. 4. Halafu, kama vile mlango umefunguliwa, yakafuata maneno mengi: Asante kwa kunijibu lugha yangu. Dawa ya mume wangu imeganda. Niliisogeza nyuma ya friji jana nikaikuta leo ni barafu. Sasa imeyeyuka. Inaonekana nzuri. Simu ni ya mpangaji wetu. Naweza kumchoma?

Aya zangu tatu za kuhifadhi zilikuwa bado wazi upande wa pili wa skrini. Mwanzoni kabisa zilisema: weka insulini ambayo haijafunguliwa kwenye friji. Mtu mwenye haraka angesoma hapo, akajiambia kumbe friji ni sawa, akachoma.

Usimchome hiyo, Sista akaandika. Insulini ikishaganda haifanyi kazi sawasawa tena, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri. Umeshamchoma? Ipo chupa nyingine? Sindano inayofuata ni saa ngapi? Anajisikiaje sasa?

Tukasubiri. Fundi alikuwa amesimama nyuma yetu, na kicheko kilikuwa kimemwisha.

Sijamchoma, akaandika yule mama. Asubuhi nilimchoma ya chupa ya zamani, ikaisha. Inayofuata ni saa moja jioni. Hajambo, anasikiliza redio. Hii ndiyo chupa ya mwisho. Kwenye majibu ya kwanza niliona neno linalofanana na friji nikabahatisha kwamba mmesema ni sawa. Halafu nikasema hapana, kwa kubahatisha mtu hachomwi. Nikangoja mnijibu ninachoelewa.

"Msikie huyo," Sista akasema kwa sauti ya chini. "Msikieni." Nilimwona akiyasoma maneno yale mara ya pili, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayemwangalia mwanafunzi wake bora.

Akamwelekeza: chupa aende nayo, pamoja na kadi ya kliniki, kwenye kliniki au duka la dawa lililo karibu, leo hii kabla ya jioni. Ampime mumewe sukari kama ana kipimo. Akianza kutapika, kupumua kwa nguvu au kulegea, asingoje, ampeleke hospitali. Mpya akiipata, aiweke kwenye mlango wa friji, mbali na barafu. Mwisho kabisa ndipo akaandika: Habari za huko, mama?

Saa tisa na nusu akatuma ujumbe. Nimepewa nyingine. Iko mlangoni. Mzee anasema mnasalimiwa, na anauliza kama redio nayo iwekwe friji.

Fundi alicheka tena, safari hii kwa upole. Kisha akakaa, akavuta kibodi.

"Haya, Sista. Nipe sheria."

"Mtu akitaja lugha, hilo ni ombi, si jina la dawa. Ombi lake linashinda historia ya namba, maana simu ina watu wengi. Na lugha ikishaombwa, ibaki hiyo mpaka mwenyewe abadilishe."

"Na neno moja asipotaja lugha?"

"Muulize. Swali fupi, katika lugha mbili tatu zinazotumika zaidi hapa. Usimpe aya."

Akaanza kuandika. Mimi nikachomoa kwenye kumbukumbu jumbe zote za neno moja za mwezi ule, ili tuzipitishe kwenye sheria mpya na kuona zitajibiwaje. Zilikuwa mia nne na kumi na mbili. Homa. Aspirin. Mtoto. Damu. Tulizipitia moja moja. Sista alikuwa akisoma kila neno kwa sauti na kusema nani huenda ameliandika na anaogopa nini, na mara nyingi Fundi alilazimika kufuta alichoandika na kuanza upya. Sheria ilikosea neno la tisini, ikakosea la tisini na moja, ikapatia matano mfululizo.

Saa kumi na moja walinzi wakaanza kufunga madirisha ya korido. Tulikuwa kwenye neno la mia moja thelathini na nane: Tumbo.

"Hili," Sista akasema, akitafuta miwani, "lina mambo. Liacheni hapo hapo, tutaanza nalo kesho."