Elfu Hamsini na Nane za Jumamosi

Kila shilingi ilikuwa na karatasi yake, isipokuwa elfu hamsini na nane. Bosibori alizipiga jicho kwa mara ya kumi kwenye taarifa ya malipo ya simu: tarehe 31 Mei, mlipaji Linda Anyona. Hakuna ankara ya Mei yenye kiasi hicho, wala mteja wa jina hilo. Ofisa wa kodi angefika saa nne, na pesa isiyo na maelezo angeihesabu kuwa mauzo yaliyofichwa. Mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Keumbu alikuwa yeye, peke yake. Lawama zingeishia kwake.

"Tengeneza ankara ingine, tumalize," akasema Mzee Gulled, mwenye duka.

"Mzee, ankara ya leo itakuwa na tarehe ya leo. Hiyo ndiyo tutashikwa nayo."

Saa tatu na nusu. Presha ilimpanda, lakini, usiniulize kwa nini, alikuwa anaifurahia. Akatazama kalenda. Tarehe 31 ilikuwa Jumamosi.

Jumamosi yeye huwa kanisani. Sabato haimkuti dukani hata kwa dawa. Oda huandikwa na Haron, mpwa wa Mzee, na ankara Bosibori huzitoa Jumapili. Mteja akiwa na oda mbili, huzijumlisha, eti aokoe muda. Werevu gani huo!

"Haron! Kile kitabu chako cha Jumamosi kiko wapi?"

"Kiko kwa gari, dada."

Akakikimbilia, akakipekua. Ilikuwepo: oda ya Nyabuto wa Magwagwa, mabati, 58,000, na pembeni Haron ameandika, "amelipa bibi yake, Linda." Hati ya kupokea mzigo ilikuwa imebanwa nyuma, ikiwa na sahihi ya Nyabuto. Jumapili Nyabuto alirudi kununua saruji ya 34,800 na kulipa kwa simu yake. Ankara ya tarehe 1 Juni: 92,800. Bosibori alijumlisha mara mbili, akacheka peke yake kama mwendawazimu.

Saa nne ofisa akafika, mama mmoja mpole aitwaye Jemimah; alishusha kalamu kwenye taarifa na kuchagua. Kati ya mistari yote akauangukia ule ule wa elfu hamsini na nane.

Bosibori akapanga karatasi mezani: malipo, oda, hati ya mzigo, ankara. Jemimah akazifuata kwa kidole, moja baada ya nyingine.

"Mauzo ni ya Mei. Kodi umeilipa pamoja na ya Juni."

Mzee Gulled akakohoa. Bosibori angeweza kusema mtandao ulisumbua.

"Nilichelewesha, madam. Jumamosi siandiki. Hata Jumamosi zingine za mwisho wa mwezi, zilizoingia mwezi uliofuata, nimeziorodhesha hapa."

Jemimah akaisoma orodha hadi chini. "Mtalipa faini ya kuchelewa," akasema. "Ya kuficha, sioni."

Akatia tiki. Bosibori alisikia raha mpaka magotini. Jioni hiyo Mzee alimwita binti yake, Farhiya, akamkalisha mbele ya kompyuta ya ankara.

"Jumamosi ni zako," akamwambia. "Mwalimu wako ni Bosibori."