Picha za Eufrasia Ndani ya Winmail

Viktor alikuwa na adabu iliyopitiliza, na nasema hivyo juu ya mtu niliyempenda kama mdogo wangu wa tumbo moja. Akikutana na mkubwa wake koridoni alijibanza ukutani ampishe, hata kama koridoni mko wawili tu. Simu akiongea na mzee, anainuka kitini. Nilikuwa namtania: Viktor, mtu yuko Morogoro, hakuoni. Anajibu, "Najua, dada Asmahani," na bado amesimama.

Tulifanya kazi pamoja katika ofisi ya mradi wa utafiti wa malaria hapa Ifakara. Mimi nilikuwa upande wa stoo na manunuzi, yeye alikuwa karani wa mawasiliano. Barua pepe zilikuwa ndiyo kwanza zimetufikia. Unaandika mchana, zinalala ndani ya kompyuta, jioni simu ikikubali zinakwenda Dar es Salaam zote kwa mkupuo, na za kwako zinarudi kwa njia hiyohiyo. Simu isipokubali, unakwenda nyumbani.

Mwaka ule wa mvua kubwa, barabara ya Morogoro ilikatika na barua za posta zikawa za kubahatisha. Ndipo Viktor alipopata anwani ya barua pepe ya Sista Eufrasia. Huyu alikuwa muuguzi wa Ulaya aliyezeekea hapa. Ndiye aliyempokea Viktor alipoletwa kutoka Uchindile, mtoto mdogo asiye na mama, akamlea, akamsomesha na kumfundisha kupiga taipu. Alirudi kwao kabla Viktor hajaoa. Viktor alipomwoa Paulina na kupata binti, hakuuliza mtu jina. Mtoto akaitwa Eufrasia.

Jibu la kwanza la Sista lilikuwa fupi, limechapwa na Sista Agata, mtawa kijana aliyekuwa na kompyuta huko utawani. Alisema amefurahi mpaka amelia. Alisema pia kwamba macho yake yanakufa kuanzia katikati: akikutazama anaona masikio yako, uso haupo. Madaktari wamemwambia hayatangoja. "Nitumie picha ya wajina wangu mapema," aliandika, "nimwone ningali naona."

Basi Viktor akawa mtu wa picha. Alimbeba mtoto mpaka studio sokoni, akamvika gauni la njano, akarudi na picha ameishika kwa ncha za vidole. Tuliiweka kwenye skana, akaipunguza ukubwa ili simu isitapike, akaiambatisha kwenye barua na kuituma. Siku ya pili tukapata jibu. "Nimeipokea picha. Mungu ambariki mtoto."

Alituma nyingine. Mtoto anakaa. Mtoto amesimama kwa kushika stuli. Mtoto amejipaka wali uso mzima. Kila mara jibu lilikuwa lilelile, amepokea, anashukuru, Mungu ambariki. Viktor alikuwa akitusomea kwa sauti na sisi tunaitikia kama tuko kanisani, mimi Mwislamu pamoja na wengine. Ilikuwa furaha ya ofisi nzima, nisiseme uongo.

Krismasi alituma salamu tupu, studio ilikuwa imefungwa. Jibu likaja: "Nimepokea salamu na picha. Asante sana, mwanangu."

"Picha gani tena?" Viktor akashangaa.

Mtu mmoja akasema Sista amezeeka, anachanganya mambo. Tukacheka kidogo, cheko la kumpenda, tukarudi kwenye kazi zetu. Sauti ya kile kicheko hunirudia mpaka leo.

Miezi ikaenda. Mwaka uliofuata, mvua za masika zikiishia, profesa mmoja wa Dar es Salaam aliyekuwa akitusimamia alipiga simu amefura. Kila ripoti tunayomtumia, alisema, barua anaisoma vizuri lakini kiambatisho hakuna. Badala yake kuna faili linaitwa winmail.dat, na ukilifungua unaona takataka. Alikuwa amejaza hayo mafaili kwenye mashine yake na hajui ayafanyie nini. Kwa nini hakusema mapema? Alidhani ni ugonjwa wa kompyuta yake.

Viktor alikuwa amesimama, simu sikioni, anasema samahani Profesa, samahani sana Profesa.

Seifu alikuwa fundi wetu wa kompyuta, kijana wa mtaa wa sokoni, mwenye haraka ya kusema na subira ya kutafuta. Alianza kwa kumlaumu profesa, kama mafundi wote. Sisi hapa tulitumia Outlook, na profesa alitumia programu nyingine, Eudora. "Anunue kama yetu," alisema. Lakini Jihan, mwanafunzi wa yuleyule profesa, chumba cha pili kulekule Dar es Salaam, naye alitumia Eudora, na ripoti zilezile zikitoka kwa Viktor huyohuyo zilimfikia salama, anazifungua na kuzisoma. Hapo Seifu akaacha kumlaumu profesa. Programu moja, jengo moja, faili moja. Kilichobaki ni sisi.

Alikaa kwenye kiti cha Viktor akafungua kitabu cha anwani. Akaitazama anwani ya Jihan, akaitazama ya profesa, akarudi ya Jihan. Kisha akageuka.

"Viktor, hii alama ya vema kwa Profesa umeweka wewe?"

"Ndiyo."

"Inasema kila barua ya huyu iende kwa rich text, maandishi ya mapambo. Kwa Jihan haipo. Kwa nini?"

Viktor akaeleza, na alieleza kwa fahari kidogo. Mwanzoni kabisa aliandika barua ya majaribio kwenda kwa mkurugenzi wetu, mle mle ofisini, akaona herufi nzito, jina kwa rangi ya bluu, mistari imekaa sawasawa. Barua imevaa. Akaona ile vema ndiyo inayoivalisha. "Sasa Jihan ni mdogo wangu," alisema, "nikimwandikia maandishi makavu hana neno. Lakini mtu mzima? Unamwendeaje mtu mzima na barua iko kifua wazi?"

Kwa hiyo wote aliowaheshimu aliwawekea vema, mmoja mmoja, kwa mkono wake.

Seifu hakucheka. Alituma barua moja kwa Jihan mara mbili na kiambatisho kilekile, kwanza bila ile alama, halafu akiwa amemwekea. Akampigia simu jioni baada ya barua kuondoka. Ya kwanza ilifunguka. Ya pili ilikuja na winmail.dat.

Asubuhi akatuelewesha, naye alieleza vizuri. Outlook ikituma kwa rich text, yale maneno yenyewe inayatanguliza makavu, kila programu iyasome. Lakini wino mzito, rangi, na kila kilichoambatishwa, inavifunga pamoja katika furushi moja, na furushi hilo ndilo winmail.dat. Outlook mwenzake akilipokea anajua kulifungua, halionekani hata jina lake, wewe unaona barua nzuri na faili lako. Programu nyingine haijui lile fundo. Inampa mtu furushi kama lilivyo.

"Kwa hiyo ripoti haikupotea?" niliuliza.

"Imo humo ndani, nzima. Ila kwake ni mlango usio na kitasa." Akamgeukia Viktor. "Toa vema, utume upya, basi. Nani mwingine umemwekea?"

Viktor akaanza kutaja. Mkubwa mmoja wizarani. Katibu wa askofu. Mzee wa mradi wa maji. Akafika hapo, akashusha kitabu cha anwani mpaka jina la Sista.

Nami nilikuwa nimekwisha fika alipofika. Nikamwuliza Seifu, barua isiyo na kiambatisho, salamu tupu, nayo inakwenda na lile furushi?

"Inakwenda nalo. Si kuna rangi za kubeba?"

Krismasi. Ile picha ambayo hatukuituma. Sista hakuchanganya kitu chochote. Kila barua ya Viktor ilimfikia na furushi, naye akahesabu kila furushi kuwa ni mtoto.

Viktor akazifungua barua zake zote, safari hii hakutusomea. Nilizisoma juu ya bega lake. Nimeipokea. Nimepokea. Nimezipokea zote. Hakuna mahali hata pamoja alipoandika nimeiona. Yule mama aliishi nasi miaka mingi, akakijua Kiswahili na akatujua na sisi. Alijua kwamba mtu akikuletea zawadi humwambii imeharibika njiani. Unapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Nilimkasirikia kwa hilo, nasema kweli. Neno moja tu, Sista, haifunguki, na Seifu angemaliza siku ileile. Halafu nikamkasirikia Viktor na alama zake za heshima. Halafu sikupata wa kumkasirikia.

Viktor alitoa ile vema. Akatuma picha zote upya, kuanzia gauni la njano, na maelezo ya kilichotokea, maandishi makavu, bila rangi. Simu ilikataa jioni ile, ikakubali ya pili yake.

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa na herufi zilizorukana, maneno yamekatika pasipofaa. Sista Agata hakujua Kiswahili; zamani alinakili mwandiko wa Sista, sasa ilibidi atajiwe herufi moja moja.

"Mwanangu Viktor. Safari hii zimefunguka. Agata amepiga kelele mpaka watu wamekuja. Mimi macho yamekwisha tangu Pasaka, sikutaka kukuhuzunisha. Nilidhani ni sisi wajinga huku, hatujui kufungua. Usilie. Agata ananieleza, lakini yeye hajui watoto, anasema tu gauni ni la njano. Wewe niambie. Uso wake ukoje?"

Viktor alikaa mbele ya kompyuta asubuhi nzima. Sijapata kuona mtu akitoka jasho kwa barua namna ile. Aliandika, akafuta, akaandika. Alijua kupanga barua ya wizara kwa dakika chache, lakini uso wa mwanawe, aliouamkia kila siku, ulimshinda. Mwisho akaniita.

"Dada Asmahani, wewe unamjua mtoto. Ungesema yukoje?"

Nikafikiri. Nilimwona Eufrasia karibu kila Jumamosi, nimembeba mgongoni mwangu. Nikamwambia kile ambacho mtu yeyote angesema, kwamba anafanana sana na mama yake.

Viktor akaandika hivyo. Akakaa akiutazama ule mstari. Kisha akasema polepole, wala si kwangu, kwamba Sista hakuwahi kumwona Paulina.